Shajara ya mradi: kusoma habari hadi mwisho bila kufungua kamusi

Februari. Tunasoma nini, na nani

Mradi unafanyika Moshi, jioni moja kila wiki, katika chumba cha mikutano kilicho karibu na soko la Mbuyuni. Wanaosoma ni watu wazima wanaozungumza Kiswahili kutwa nzima: wauza mitumba, mafundi, wakulima wa kahawa wanaoshuka kutoka Kibosho na Uru, wastaafu wawili watatu. Hakuna anayekuja hapa kufundishwa Kiswahili. Kinachowasumbua ni kwamba habari za mahakama, za benki, za mafao na za Jumuiya ya Afrika Mashariki huandikwa kwa Kiswahili ambacho sokoni hakisemwi. Msomaji akifika kwenye "ukwasi" au "itifaki" anasimama, anamuuliza jirani au anatafuta kwenye simu, na akirudi kwenye gazeti uzi umeshakatika. Lengo letu ni dogo: habari ya maneno 300 hadi 400 isomwe kuanzia kichwa hadi mstari wa mwisho, maneno magumu yakisiwe humo humo, na kamusi ifunguliwe baada ya kumaliza, kwa ajili ya kusahihisha tu.

Kabla ya yote tumepima uzito wa makala, kwa sababu kukisia hakuwezekani kwenye kila habari. Kipimo ni rahisi. Ruka kichwa cha habari, hesabu maneno 100 ya mwanzo, na weka nukta ya penseli chini ya kila neno usilolijua. Nukta moja au mbili, habari hiyo ni yako. Tatu au nne, inasomeka kwa jasho. Zikifika tano, iweke pembeni na utafute nyingine. Neno moja geni katika kila 20 maana yake ni kwamba karibu kila sentensi ndefu ina neno geni, na nyingine zina mawili. Hapo kisio cha kwanza kinaegemea kisio cha pili, na cha pili kinaegemea cha kwanza. Utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000, uliofanywa kwa wanaojifunza Kiingereza, ulionyesha kwamba msomaji huhitaji kujua takribani maneno 98 katika kila 100 ndipo asome vizuri bila msaada. Hatuhamishi namba hiyo kama ilivyo, maana kitenzi chetu kimoja, "hawajalipwa", kimebeba kinachohitaji maneno kadhaa katika Kiingereza. Tunachofanya ni kuhesabu kitenzi kuwa kinajulikana ikiwa mzizi wake unajulikana, hata kama viambishi vimerundikana.

Vifaa: makala imechapwa kwenye karatasi ya A4, herufi za ukubwa wa 14, ukingo wa kulia umeachwa sentimita 5 kwa ajili ya kuandika visio. Penseli badala ya kalamu, kwa sababu kisio kizuri hubadilika mara mbili tatu kabla hakijatulia. Makala za mazoezi tunazitunga wenyewe kwa mtindo wa magazeti, ili neno gumu liwe pale tunapotaka, na wiki inayofuata tunajaribu gazeti la siku hiyo.

Machi. Mzizi uje mwisho

Hatua tunazofuata zimetoka kwa Clarke na Paul Nation, waliozipanga mwaka 1980, nasi tumezirekebisha kidogo. Unasoma habari yote bila kusimama, ukiacha nukta tu. Unarudi kwenye neno na kujiuliza linafanya kazi gani: ni jina, ni kitendo, ni sifa? Unaangalia sentensi yenyewe, nani anamfanyia nani nini. Unaangalia sentensi jirani na viunganishi vyake: "hivyo", "licha ya", "ilhali", "ili". Ndipo unaandika kisio ukingoni, unakichomeka mahali pa neno lenyewe na kusoma sentensi kwa sauti. Umbo la neno, yaani mzizi na viambishi, linaangaliwa baada ya hapo.

Hatua hiyo ya mwisho ndiyo inayopingwa zaidi, na upinzani huo una sababu. Mzungumzaji wa Kiswahili husikia mizizi. Akiona neno jipya masikio yake yanaruka moja kwa moja kwenye neno linalofanana nalo, na akishalipata hulazimisha sentensi nzima ikae juu yake. Wiki hii tumetumia aya hii:

*Wastaafu wamelalamikia kikokotoo cha mafao. Kwa kikokotoo kilichoanza kutumika Julai 2022, mstaafu alilipwa asilimia 33 ya mafao yake kwa mkupuo, na asilimia 67 iliyobaki ililipwa kama pensheni ya kila mwezi.*

Wale ambao hawakuwahi kukutana na "kikokotoo" walisikia "kokota". Kisio chao kikawa "ucheleweshaji", kitu kinachokokota malipo. Sentensi ya kwanza inakikubali kisio hicho bila taabu: wastaafu wamelalamikia ucheleweshaji wa mafao. Ni malalamiko tuliyozoea kuyasikia, kwa hiyo kisio kinapata nguvu kisiyostahili. Kinaanguka kwenye sentensi ya pili. "Kwa ucheleweshaji ulioanza kutumika Julai 2022, mstaafu alilipwa asilimia 33." Ucheleweshaji hauanzi kutumika, na haugawi asilimia. Kinachoanza kutumika tarehe fulani na kugawa mafungu ni utaratibu, kanuni, hesabu. Anayeandika "kanuni ya kugawa mafao" ameshafika, hata asijue kwamba kuna kitenzi "kokotoa", yaani kupiga hesabu. Baada ya hapo ndipo umbo linakuja kuthibitisha: kifuniko ni cha kufunikia, kizibo ni cha kuzibia, kikokotoo ni cha kukokotolea.

"Mkupuo" ni kazi ngumu zaidi, kwa sababu kisio kibaya hakigongi mwamba waziwazi. Wengi walisikia "kukurupuka" na kuandika "kwa haraka". Chomeka: alilipwa asilimia 33 kwa haraka, na iliyobaki kila mwezi. Sarufi imekaa, maana inaelekea kukaa. Mama mmoja wa Kiboriloni alishikilia hapo, na fundi wa pikipiki aliyekaa karibu yake akamwambia, "Mama, hebu soma tena kuanzia 'iliyobaki'." Hapo ndipo penye ufunguo. Sentensi ina pande mbili zilizopimanishwa: asilimia 33 upande huu, asilimia 67 upande ule. Upande wa pili unaisha na "kila mwezi", maneno yanayohusu idadi ya mara, hayahusu mwendo. Kwa hiyo upande wa kwanza nao lazima uhusu idadi ya mara. Kinyume cha "kila mwezi" hakiwezi kuwa "haraka", kitakuwa "mara moja tu, zote pamoja". Sentensi ikiwa na pande mbili, kinachotafutwa ni kinyume cha *aina ile ile*: mara kwa mara, mahali kwa mahali, kiasi kwa kiasi. Kanuni hii imeandikwa juu ya karatasi za mazoezi yote yanayofuata.

Aprili. Neno linalojulikana ndilo la hatari

Nukta peke yake haitoshi. Inaonyesha maneno yasiyojulikana, na maneno hayo angalau yana heshima ya kujitangaza. Yanayopotosha ni yale ambayo msomaji anayajua kwa maana nyingine. Anayapita bila kuweka nukta, na sentensi tatu mbele habari inageuka kuwa kitendawili.

Mfano wa kwanza, tulioutumia jioni nzima:

*Ukwasi katika mabenki umepungua, jambo lililofanya baadhi ya benki kusita kutoa mikopo mipya. Ili kuongeza ukwasi, Benki Kuu imenunua fedha za kigeni na kuingiza shilingi sokoni.*

Aliyesoma fasihi anajua kwamba mkwasi ni tajiri, hivyo ukwasi ni utajiri. Anachomeka "utajiri" na sentensi ya kwanza inapita. Ya pili inakwama, ila kwa sauti ndogo ambayo ni rahisi kutoisikia. Benki Kuu iliponunua fedha za kigeni ilitoa shilingi ikapokea dola, yaani ilibadilisha kitu cha thamani kwa kitu cha thamani ile ile. Hakuna aliyetajirika. Kilichoongezeka kwenye mabenki ni shilingi zilizopo mkononi, zinazoweza kukopeshwa kesho asubuhi. Sentensi ya kwanza nayo ilishadokeza hivyo kwa "kusita kutoa mikopo": benki inaweza kuwa na majengo na ardhi na bado isiwe na shilingi za kukopesha leo. Kisio kinachokaa pote pawili ni "wingi wa fedha zilizo tayari kutumika". Ni kirefu, lakini visio vizuri vya maneno ya kiuchumi mara nyingi ni virefu, na kukifupisha kuwa neno moja mapema ndiko kunakorudisha "utajiri".

Tumeongeza alama ya pili: duara. Nukta ni "silijui neno hili". Duara ni "nalijua, ila sentensi haikai". Msomaji hawekewi duara na mtu, analiweka mwenyewe anapojikuta amerudia sentensi mara mbili ilhali hakuna nukta ndani yake. Ishara hiyo ni ya kuaminika kuliko zote tulizonazo.

Habari za mahakama zimejaa maduara. "Shauri limeahirishwa kwa sababu upelelezi haujakamilika." Msomaji anajua shauri ni ushauri, lakini ushauri hauahirishwi na hausubiri upelelezi. Kinachosubiri upelelezi ni kesi. "Upande wa Jamhuri uliita mashahidi, upande wa utetezi ukaomba muda." Jamhuri anayoijua ni nchi isiyo na mfalme. Pande mbili zilizopimanishwa zinamsaidia tena: upande mmoja unatetea, basi Jamhuri ni upande unaoshtaki.

"Dhamana" imepewa karatasi yake, kwa kuwa inabadilika kulingana na majirani zake. Ikiwa karibu na mahakama na washtakiwa, ni ruhusa ya kuwa nje wakati kesi inaendelea. Ikiwa karibu na mkopo na nyumba, ni mali iliyowekwa kwa benki. "Dhamana za Serikali" zenye riba na muda wa kuiva ni hati ambazo Serikali huuza ili kukopa. "Waziri mwenye dhamana ya maji" hana kesi wala mkopo, amekabidhiwa jukumu la maji. Karatasi ina sentensi nne, na kazi ya msomaji ni kupigia mstari neno *moja* jirani lililoamua maana. Wanaopigia mstari sentensi nzima wanarudishwa kuanza upya, hata wakiwa wamepata jibu, kwa sababu hawajui walipataje na neno lijalo litawashinda.

Mei. Upatanisho, na vitendo vinavyoandamana na neno

Upatanisho, yaani jinsi mwanzo wa kitenzi unavyofuata jina lake, tuliupita haraka mwezi wa tatu, na unastahili zaidi ya hapo. Ndio msaada ambao msomaji wa Kiswahili anao bure. Neno linaloanza na m- linaweza kuwa mtu au kitu, na msomaji wa haraka hudhani ni mtu. "Mtangamano wa Afrika Mashariki umekuza biashara mipakani." Tazama kitenzi: ni *u*-mekuza, si *a*-mekuza. Mtu ameshaondoka. Kinachobaki ni jambo au tendo, kama mkutano, mgomo, mkusanyiko. Katika aya ile ile kulikuwa na "kufungua mipaka" na "kufanya kazi kama soko moja", na kisio "kuungana" kikajitokeza bila msaada. Waliojua "tangamana", yaani kuchanganyika na watu, walikitumia kuthibitisha, jambo ambalo ndilo tunalotaka.

Maneno ya asili ya Kiarabu hayana kiambishi cha mwanzo cha kukuongoza, kwa hiyo unategemea kinachofuata: "itifaki *hiyo*" ni moja, "itifaki *hizo*" ni nyingi. Hilo halitoshi kupata maana, na hapo tunauliza swali jingine: watu wanalifanyia nini neno hili? Makao makuu ya Jumuiya yako Arusha, saa moja na nusu hivi kwa basi kutoka hapa, kwa hiyo habari zake zinakuja sana. Zoezi lilikuwa hili:

*Itifaki ya Soko la Pamoja ilisainiwa mwaka 2009 na ikaanza kutumika Julai 2010 baada ya nchi wanachama kuiridhia. Itifaki hiyo inaruhusu raia, bidhaa na mitaji kuvuka mipaka.*

Msomaji anaandika vitendo tu ukingoni: kusainiwa, kuridhiwa, kuanza kutumika, kuruhusu. Kisha anajiuliza ni kitu gani anachokijua hupitia yote manne. Barua husainiwa ila hairidhiwi na nchi. Sheria huanza kutumika na kuruhusu, ila huitungi kwa kusaini na jirani. Mkataba unapita kote. Mwanasheria atasema itifaki si mkataba wowote tu, bali ni ule unaofafanua sehemu ya mkataba mkubwa zaidi, na ni kweli. Kwa msomaji wa habari "mkataba" unatosha, na tumeafikiana kukipa kisio kama hicho alama kamili. Visio vinapimwa kwa ngazi tatu: ya 3, sentensi zote zinakaa; ya 2, najua ni aina gani ya kitu, sijui hasa ni kipi; ya 1, nimebahatisha. "Fiwi" katika orodha ya "mahindi, mtama, ulezi na fiwi" inaishia ngazi ya 2, ni zao fulani, na hakuna haja ya kuisumbukia.

Kitu kingine kilichojitokeza mwezi huu kinahusu namna habari zinavyoandikwa. Sentensi ya mwandishi huwa rasmi, nukuu ya mhusika huwa ya mdomoni, na mara nyingi zinasema jambo lile lile. Mwandishi ataandika kwamba mkuu wa wilaya "ameagiza kusitishwa kwa ukusanyaji wa tozo", na mstari unaofuata mkuu mwenyewe atanukuliwa akisema, "Acheni kwanza, msitoze mtu hela hapa." Nukuu ni tafsiri ya bure: "kusitishwa" ni "acheni kwanza", "tozo" ni hela watu wanazotozwa. Tangu tulipoligundua hilo, msomaji mwenye nukta kwenye aya ya kwanza anaagizwa kutafuta alama za kufungua na kufunga usemi kabla hajakisia chochote.

Kichwa cha habari ni kinyume chake. Kimekatwa, kimepambwa, bei "yapaa" na mjadala "waibuka", na hakina jirani wa kukisaidia. Visio vilivyofanywa kwenye kichwa cha habari vinafutwa vyote wakati wa kusahihisha, vyema na vibaya, na vinafanywa upya baada ya aya ya tatu.

Juni. Kisichokisika

Kuna maneno ambayo hayakisiki, na ni afadhali yatambuliwe mapema. "Kikao kilijadili pia bajeti, ajira na ukasimishaji." Neno limekuja mara moja, mwisho wa orodha, hakuna sentensi nyingine inayolitegemea, na wenzake kwenye orodha hawafanani. Hapo hakuna ufunguo wowote, na kuendelea kulikodolea macho ni kupoteza muda. Linawekewa X na msomaji anasonga mbele. Swali la kuamua ni moja: likifutwa kabisa, habari inabaki? Ikibaki, lifute. Neno lililo kwenye aya ya kwanza na kurudiwa mara tatu halifutiki, lakini neno la namna hiyo huwa na majirani wengi, ndiyo maana ndilo linalokisika.

Mpaka wa pili ni matumizi. Kisio cha ngazi ya 3 kinatosha kuelewa habari, hakitoshi kutendea kazi. Msomaji anayetaka kununua hatifungani, yaani hati ya kuikopesha Serikali au kampuni, kwa sababu ya habari aliyoisoma, au anayefuatilia masharti ya dhamana ya ndugu yake, anatakiwa kumaliza kusoma na kisha kuhakikisha neno kwenye kamusi, na jambo lenyewe kwa afisa wa benki au wakili. Kilichotukumbusha ni "hatifungani" yenyewe. Kutokana na "kufunga", msomaji aliandika "hati ya fedha zilizofungiwa, huwezi kuzitoa hadi muda uishe". Kwa kusoma habari, kisio hicho kilipita kila sentensi, hata ile ya riba kulipwa mara mbili kwa mwaka. Kwa mtu mwenye fedha zake mkononi kingempotosha, kwa sababu hatifungani ya Serikali inaweza kuuzwa kwa mtu mwingine sokoni kabla haijaiva. Habari ile haikuligusa jambo hilo, na muktadha hauwezi kukuambia kitu ambacho haukukibeba.

Ukaguzi wa karatasi zilizokusanywa unaonyesha makosa yamehama. Mwanzoni yalikuwa kwenye nukta, na mengi yalitokana na kuanza na mzizi. Sasa nukta nyingi zinapata ngazi ya 2 au 3, na makosa yaliyobaki yako kwenye maneno yaliyostahili duara yakapitwa. Kwa hiyo makala za mwezi ujao zitakuwa fupi, maneno 150 tu, zisizo na neno geni hata moja, kila moja ikiwa na maneno mawili ya kawaida yaliyotumika kwa maana ya kibenki au ya kimahakama. Yaliyokwisha kuchaguliwa ni "kuiva", "amana", "hoja", "kifungu" na "mtaji". Msomaji hataambiwa ni yapi.